Mashine ya kupumulia usiku hushusha presha kwa kiasi gani?

Mwaka 2013 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa HIPARCO, uliofanywa katika hospitali 24 za Hispania. Ulihusu wagonjwa 194 wenye presha sugu, yaani ile isiyotulia hata kwa dawa tatu au zaidi, ambao pia pumzi huwakatika usingizini.

Mtu wa aina hii akilala, koo hulegea na njia ya hewa huziba. Mkoromo unakatika, kimya kinapita kwa sekunde kumi au zaidi, kisha anashtuka akihema. Kila mshtuko humwaga homoni zinazobana mishipa, kwa hiyo presha haishuki usiku kama kawaida. Mashine husukuma hewa mfululizo kupitia barakoa, na msukumo huo huzuia koo lisizibe.

Takriban nusu ya wagonjwa hao 194 walipewa mashine kwa majuma 12, wengine hawakupewa. Dawa za presha ziliachwa vilevile kwa wote. Zingebadilishwa, nani angejua kilichofanya kazi ni kidonge au ni hewa? Presha ilipimwa kwa kifaa kinachovaliwa saa 24. Hapo walifanya vizuri, maana kipimo kimoja cha kliniki kinaweza kusoma 152 leo na 143 kesho bila tiba yoyote.

Tofauti ya wastani wa presha kati ya makundi mawili ilikuwa milimita 3.1 za zebaki. Presha ya chini ilishuka kwa 3.2 zaidi kwa wenye mashine. Ya juu nayo ilionyesha 3.1, ila kitakwimu haikutosha kuondoa shaka kwamba ni bahati tu. Mwenye 150/90 asitarajie kuamka na 120/80, wala asiache vidonge.

Kwangu mimi, habari kubwa iko usiku. Presha ya kawaida hushuka kwa angalau asilimia 10 mtu akilala: mwenye 150 mchana anapaswa kufika 135 au chini yake. Mwishoni mwa utafiti, watu 36 hivi katika kila 100 wenye mashine walikuwa na mshuko huo, dhidi ya 22 wasio nayo.

Saa nazo zina uzito. Kila saa moja zaidi ya kuvaa barakoa kwa usiku iliendana na mshuko wa milimita 1.3 katika presha ya wastani. Tusiishike hesabu hiyo kama sheria: anayevumilia barakoa huenda pia ndiye anayemeza dawa zake kwa wakati. Isitoshe, kundi la pili halikupewa mashine ya kuigiza, kwa hiyo kila mgonjwa alijua yuko upande gani.

Presha isiposhuka kabisa, daktari aanze na kumbukumbu za mashine yenyewe. Huonyesha saa zilizotumika, pumzi zilizoendelea kukatika na hewa iliyovuja. Macho mekundu asubuhi mara nyingi humaanisha barakoa inavuja juu ya pua. Kinywa kikavu, kwamba hewa inatokea mdomoni. Hayo hurekebishwa kabla ya kuongeza kidonge cha tano.