Nusu Dakika ya Dirishani

Dirisha la mapokezi la kituo cha afya lina kazi mbili, na mara nyingi zinagombana. Ya kwanza ni ya karatasi: jina, umri, namba ya faili, bima au fedha taslimu. Ya pili ni kujua aliyesimama pale anahitaji nini, na kama anaweza kusubiri. Kazi ya karatasi haisahauliki kwa sababu fomu yenyewe inadai kujazwa. Hiyo ya pili haina fomu. Inafanywa kwa macho, kwa sauti na kwa mpangilio wa maswali, na mhudumu anayeijua huimaliza ndani ya nusu dakika.

Tuchukue mfano wa kituo cha afya cha serikali nchini Tanzania, Jumatatu, saa mbili kasoro asubuhi. Mabenchi yamejaa. Bibi mmoja anafika dirishani na mtoto mgongoni. Mhudumu ni binti wa miaka ishirini na kitu. Mazungumzo yanakwenda hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Karibu. Pole na safari. Tukusaidie nini?"

"Nimemleta huyu, mama yake yuko shamba. Usiku kucha mwili unachemka."

"Pole sana. Hebu mgeuze nimwone. Ananyonya? Anakunywa?"

"Hata maji hataki. Ukimlazimisha anatapika yote."

"Haya bibi, njoo huku mlangoni, nakupeleka kwa nesi sasa hivi. Kadi tutaandika baadaye." Kisha anawageukia walio kwenye foleni: "Samahanini jamani, mtoto amezidiwa. Namfikisha kwa nesi, narudi."

Hakuna lililosemwa pale ambalo mtu wa kawaida asingeweza kulisema. Ustadi umo katika nini kilitangulia nini.

Tuanze na salamu. Mhudumu hakumuuliza bibi habari zake. Kwa desturi zetu, anayeulizwa habari hujibu nzuri au salama hata kama amekuja ameshika kiuno kwa maumivu. Ni adabu, si taarifa. Kisha hutua kidogo, na ndipo inapokuja ile "ila", na ugonjwa nyuma yake. Mhudumu mwenye haraka huichukua ile "nzuri" kama mwisho wa salamu, anashika kalamu na kusema "kadi", na "ila" haipati nafasi. Shikamoo haina tatizo hilo. Inatoa heshima bila kumlazimisha mgonjwa kutangaza kwamba ni mzima. Kwa mtu wa rika la mhudumu, "karibu dada" au "karibu kaka" inatosha, na swali la haja lifuate hapohapo. Jambo dogo la kuongeza: mwanamke usiyemjua umri, mwite mama. Wako wenye wajukuu wasiopenda kuitwa bibi na mgeni, na ukishamuudhi mtu kwenye neno la kwanza, majibu yanayofuata yatakuwa mafupi.

Halafu likaja swali lililo wazi: "Tukusaidie nini?" Hili ndilo linaloamua kila kitu. Lingekuwa "Mtoto ana homa?", bibi angejibu ndiyo, ingeandikwa homa, naye angeelekezwa kwenye benchi kama wengine wote wenye homa. Lingekuwa "Una bima?", angeanza kupekua mkoba. Swali la wazi linamwachia mgonjwa achague pa kuanzia, na mara nyingi huanza na kile kinachomtisha zaidi. Mhudumu anachotakiwa kufanya hapo ni kunyamaza na kumwacha amalize sentensi. Kunyamaza huko kunaonekana kwepesi, lakini mbele ya watu arobaini wanaokutazama ni kugumu, na wengi huingilia kati kabla mgonjwa hajafika kwenye jambo lenyewe.

Baada ya swali pana lilifuata swali jembamba: "Anakunywa?" Hili halikuokotwa tu. Mwongozo wa IMCI wa WHO na UNICEF, unaotumika kwa watoto wa chini ya miaka 5, una dalili nne za hatari zinazoulizwa na kuangaliwa kwa kila mtoto mgonjwa: kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, degedege, na kulegea sana au kupoteza fahamu. Mojawapo ikiwapo, mtoto hakai foleni. Dalili hizi hazihitaji kipimo wala taaluma ya udaktari kuzitambua. Mlezi anazijua, akiulizwa. Shida ni kwamba asipoulizwa huenda asizitaje, kwa kuwa kwake yeye habari kubwa ni joto la mwili. Bibi wetu alisema mwili unachemka. Kutokunywa na kutapika, mambo mawili yaliyombadilishia mtoto njia, yalitoka kwa swali.

Na "hebu mgeuze nimwone" ni sehemu ya swali hilohilo. Mtoto aliyefungwa mgongoni kwa khanga haonekani uso. Anaweza kuwa amelala, anaweza kuwa amezimia, na foleni nzima ikamwona kama mtoto mtulivu. Mhudumu ambaye kaunta yake ni ndefu au kioo chake kina tundu dogo la kupitishia fedha hana budi kusimama. Ukikuta dirisha ambalo mhudumu akikaa haoni chini ya kifua cha mteja, ujue dirisha hilo lilijengwa kwa ajili ya malipo.

Hapa kuna mpaka wa kuheshimu. Mhudumu hakusema "hiyo ni malaria" wala hakumwambia bibi asiogope. Kazi yake ni kuamua anakwenda wapi na kwa haraka gani; ugonjwa ni wa daktari na maabara. Anayetuliza watu kwa kuwaambia "ni homa tu hiyo" anafanya kosa lenye madhara, kwa sababu mlezi akisikia hivyo kutoka kwa mtu aliye ndani ya dirisha anaweza kuondoka foleni ikiwa ndefu. Utulivu unaofaa unatokana na kumweleza mtu hatua inayofuata. "Nakupeleka kwa nesi sasa hivi" lilimtuliza bibi kuliko "usijali" kumi.

Maneno yaliyoelekezwa kwa foleni watu huyapuuza, nami nadhani yana uzito sawa na yale ya bibi. Mtu aliyefika saa kumi na mbili anapoona mwingine amepitishwa mbele bila maelezo, dhana ya kwanza ni undugu au rushwa. Manung'uniko yanaanza, na mgonjwa wa saba kwenye foleni anafika dirishani akiwa tayari amekasirika. Sentensi moja, bila kutaja ugonjwa wa mtoto, iliizuia dhana hiyo. Kwa mgonjwa aliyekwisha kasirika dawa ni ileile ya kutoa taarifa. "Tulia mama" humchoma, maana inamwambia kosa ni lake. "Madaktari wanaanza saa mbili na nusu, mbele yako wamebaki watano" inampa kitu cha kushika, mradi iwe kweli. Kama daktari hajulikani anafika lini, aambiwe hivyo.

Mfano wa mtoto ni mwepesi kwa kuwa mlezi alikuja kwa hofu na aliisema. Watu wazima ni wagumu zaidi, hasa wanaume. Baba wa miaka hamsini anafika dirishani: "Nataka kupima presha tu." Hiyo "tu" isimdanganye mtu. Jasho linamtoka asubuhi ya baridi, mkono uko kifuani. Mhudumu akiuliza "Hakuna kingine?" atajibiwa hakuna, kwa sababu swali limeshamtangulizia jibu. Akiuliza "Na kitu gani kingine kinakusumbua, baba?" mlango unabaki wazi. Mwaka 2007 John Heritage na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika kwa madaktari nchini Marekani kuhusu maswali ya aina hiyo, na wakaona kwamba swali lililoelemea kwenye jibu la ndiyo lilipunguza sana shida ambazo wagonjwa waliondoka nazo bila kuzisema. Lile lililoelemea kwenye hapana halikusaidia. Wao walichunguza chumba cha daktari, lakini dirishani, ambako mgonjwa ana aibu zaidi, sioni kwa nini iwe tofauti.

Aibu hiyo ina sababu. Nyuma ya kila anayesema na dirisha kuna mtu wa pili kwenye foleni, na pengine ni jirani. Kwa hiyo swali lililo wazi lina hatari yake: linaweza kumfanya mtu atangaze siri au adanganye. Mhudumu mzuri akiona mtu amesita au amepunguza sauti, haulizi tena swali lile kwa sauti ya juu. Anasogea karibu na kubadilisha swali kutoka ugonjwa kwenda huduma: "Umekuja kumwona daktari, kupima, au kuchukua dawa?" Mtu anaweza kujibu hilo bila kujianika. Anayetoa kadi ya CTC, kliniki ya watu wanaoishi na VVU, hahitaji hata kuulizwa. Kadi imeshasema, na jibu sahihi ni kumwonyesha njia kwa mkono au kwa sauti ya chini. Kituo kinachopaza sauti "wa CTC mlango wa mwisho!" kitawapoteza baadhi ya wagonjwa hao, nao watakwenda kuchukua dawa mbali, ambako hakuna anayewajua.

Utajuaje kama mapokezi ya kituo chako yanafanya kazi? Usiulize wahudumu. Kaa benchini asubuhi moja uangalie watu wanaorudi dirishani. Anayerudi kuuliza "umesema niende wapi?" hakuelekezwa vizuri. Anayetoka kwenye foleni ya daktari baada ya saa nzima na kuambiwa alitakiwa maabara hakuulizwa haja yake. Na muulize nesi ni mara ngapi amemkuta kwenye benchi mtoto aliyelegea ambaye tayari ana kadi iliyoandikwa vizuri, tarehe na namba zote mahali pake. Huyo alipita dirishani, akapokewa kama karatasi.

Sababu kubwa ya hali hiyo si tabia mbaya ya wahudumu, ingawa wabaya wapo. Ni mpangilio. Mhudumu mmoja anayelipisha, anayetafuta faili, anayehakiki bima kwenye kompyuta na kupokea simu hana macho ya kumgeuza mtoto. Na kinachoulizwa na mkubwa wake jioni ni fedha na faili. Ndiyo maana hata kwa mtoto wa chini ya miaka 5, ambaye kwa sera ya Tanzania hapaswi kulipia matibabu katika kituo cha serikali, bado utasikia swali la kwanza likiwa la malipo.

Ombi langu kwa waganga wafawidhi ni dogo na halihitaji bajeti. Andikeni dalili zile nne kwenye karatasi, mzibandike upande wa ndani wa dirisha, usawa wa macho ya aliyekaa. Na swali la bima lihamie nafasi ya tatu, baada ya "tukusaidie nini" na baada ya kumtazama mgonjwa.