Kilo sita za gesi, na jibu sahihi lisilostahili alama

Mtungi wa kilo 6 wa gesi ya kupikia ukiungua wote, utatoa kilo ngapi za kaboni dioksidi? Mwalimu wa kemia anayeuliza hivi kwa kawaida huichukulia gesi yote kuwa propani, kisha huandika ubaoni mlinganyo uliokwisha kusawazishwa: C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O. Tuseme mwanafunzi anajibu papo hapo, "Kilo 18, Mwalimu." Anaulizwa amezipataje. "Mbele ya propani pana moja, mbele ya kaboni dioksidi pana tatu. Sita mara tatu." Jibu ni sahihi kabisa, lakini njia aliyoipita ni mbovu. Mwalimu akiweka alama ya vema na kusonga mbele, atakuwa ameupitisha uelewa potofu ambao swali hilo, kwa bahati mbaya, haliwezi kuufichua. Ndiyo maana naona kwamba swali la kufundishia hapa ni la oksijeni.

Tatizo limo ndani ya namba zenyewe. Moli moja ya propani ina gramu 44, yaani 36 za kaboni na 8 za haidrojeni. Moli moja ya kaboni dioksidi nayo ina gramu 44, yaani 12 za kaboni na 32 za oksijeni. Zimelingana kwa sadfa tu. Namba zilizo mbele ya fomula huhesabu molekuli, wala hazisemi lolote kuhusu kilo. Ila pale molekuli mbili zinapokuwa na uzito mmoja, anayehesabu kilo na anayehesabu molekuli hufika mahali pamoja, na mwalimu hana namna ya kuwatofautisha kwa kuangalia jibu peke yake.

Kwa hiyo mazungumzo yaendelee. "Haya, oksijeni itakayotumika ni kilo ngapi?" Mwanafunzi, kwa kanuni yake ileile, anasema 30. Hapa mwalimu mzuri hakimbilii kumsahihisha. Anamwambia apige hesabu ya maji pia, ambayo kwa kanuni hiyo yanakuwa kilo 24, kisha ajumlishe kila upande. Kushoto, 6 na 30 ni 36. Kulia, 18 na 24 ni 42. "Mwalimu, hizi kilo sita zimetoka wapi?" Swali hilo sasa ni la mwanafunzi mwenyewe, na sasa moli zina kazi ya kufanya. Gramu 6,000 zikigawanywa kwa 44 zinatoa moli 136.4 za propani. Kila moli inahitaji moli tano za oksijeni, hivyo ni moli 681.8, na kwa kuwa moli moja ya oksijeni ina gramu 32, jumla inakuwa kilo 21.8. Maji ni moli 545.5, kila moja gramu 18, yaani kilo 9.8. Akijumlisha upya, 6 na 21.8 ni 27.8, 18 na 9.8 ni 27.8. Hakuna kilichozuka wala kupotea, na inaonekana waziwazi kwamba sehemu kubwa ya zile kilo 18 ilitoka hewani, wala haikuwamo mtungini.

Atatokea wa kusema kwamba huku ni kuzunguka: mfundishe hatua tatu tangu mwanzo, gramu kwenda moli, moli kwenda moli, moli kurudi gramu, yaishe. Sipingi hatua hizo. Lakini aliyezikariri bila kuona 36 ikishindwa kulingana na 42 hana sababu ya kuziamini kuliko mkato wake, hasa kama mkato huo ulimpa jibu sahihi jana. Pingamizi zito zaidi ni kwamba gesi ya mtungini si propani tupu; mara nyingi imechanganywa na butani. Ni kweli, ila tofauti ni ndogo. Kilo 6 za butani tupu zingetoa kilo 18.2 za kaboni dioksidi na kutumia kilo 21.5 za oksijeni, kwa hiyo mchanganyiko wowote wa hizo mbili utaangukia katikati. Kinachoweza kuivuruga hesabu kweli ni jiko lenyewe. Mlinganyo unachukulia kwamba hewa inatosha. Mwali ukiwa wa njano na masizi yakishika chini ya sufuria, sehemu ya kaboni imebaki bila kuungua, na nyingine huenda imekuwa kaboni monoksidi, gesi yenye sumu isiyo na harufu. Basi kilo 18 ni kikomo cha juu cha propani hiyo. Na kwa kuwa oksijeni ni takriban asilimia 23 ya uzito wa hewa, ili kukifikia kikomo hicho jiko litahitaji zaidi ya kilo 90 za hewa hadi mtungi uishe, na hewa hiyo yote sharti ipate pa kuingilia jikoni.