Kukata Uzi Kati ya Kipande na Mlinzi Wake

Katika chesi, kipande kinacholindwa kwa mbali kina udhaifu ambao macho huuruka: njia iliyo kati yake na mlinzi wake. Wengi hukihesabu kipande na mlinzi, wakasahau vyumba vilivyo wazi katikati. Hatua ya kukata huingia humo. Nzuri na mbovu hufanana sana kwa sura, kwa hiyo zipimwe kwa kinachofuata.

Panga ubao hivi. Nyeupe: mfalme g1, ngome d1, farasi b5, askari a4, e5, f2, g2, h2. Nyeusi: mfalme f7, ngome d8, askofu d3, askari a5, b6, e6, g7, h7. Zamu ni ya Nyeupe.

Ngome yako inamtazama askofu wa d3, lakini ukimla, ngome ya d8 inakula yako. Uzi wa d8 hadi d3 ndio wa kukatwa, na farasi anaweza kuukata mahali pawili. Akiruka d4 uzi umekatika kweli, ila hakuna anayemlinda hapo: ngome nyeusi inamla bure, na bado inamlinda askofu. Huo ni ukataji mbovu.

Akiruka d6, mambo hubadilika. Kwanza anampa mfalme shaha, kwa hiyo askofu hana nafasi ya kukimbia. Pili, askari wa e5 anamlinda. Mfalme akisogea, ngome yako inamla askofu bila malipo.

Sehemu tamu ni pale ngome nyeusi inapomla farasi. Askari wa e5 anaila na kutua d6. Sasa uwezo wa eksirei wa ngome yako unaonekana: inamshambulia askofu, na nyuma yake, kwenye mstari uleule, inamngoja askari. Askofu akiondoka, askari anakwenda d7. Mfalme akija e7, askari anageuka malkia d8 kwa shaha, na mfalme hawezi kumla kwa sababu ngome ya d1 inamlinda kutoka mbali. Askofu akikimbilia b5 kuchunga d7, askari wa a4 anamla.

Sasa rudi kwenye ubao wa mwanzo, ila mfalme mweusi umweke g8. Farasi wa d6 hampi shaha tena. Askofu anaondoka kwa utulivu, na uzi uliokatwa haukuwa umeshika kitu. Ndiyo maana mimi hutafuta kwanza tishio, kisha ndipo nitafute chumba cha kukatia.

Daraja la juu kabisa ni pale hata mlaji anapogeuka kizuizi. Katika ubingwa wa Marekani wa 1963/64, Bobby Fischer, akicheza na Pal Benko, aliweka ngome f6 katika hatua ya 19. Alitaka kusukuma askari e5 ili askofu wake wa d3 na malkia wa h5 wakutane h7 kwa shahamati, lakini askari mweusi wa f7 angesogea f5 na kuziba njia ya askofu. Ngome ilimfungia askari huyo. Askofu wa Benko angeila, angesimama f6 yeye mwenyewe, na askari wa f7 angebaki amefungwa vilevile. Benko alikataa kula, na baada ya hatua ya 21 ya Fischer alijisalimisha.