Mkanda Unaposhika Puli

Mahindi yasiyokauka sawasawa ndiyo yanayoipima mashine ya kusaga. Yakimiminwa kinuni, nyundo zinalemewa, mota inaendelea kuvuma vilevile, lakini puli ya kinu inapungua kasi. Mkanda unateleza, na harufu ya mpira unaoungua inajaa chumba. Kuanzia Uyole mpaka Mafinga, msagishaji yeyote anaijua harufu hiyo.

Anayejifunza kazi hukimbilia spana ili aisogeze mota nyuma, mkanda ukaze. Fundi mzoefu huzima mashine kwanza, kisha anainama kutazama mkanda umeizunguka puli ndogo kwa kiasi gani. Halafu anapitisha kidole kwenye uso wa puli na kukiangalia: je, kina unga? Navutiwa sana na mpangilio huo, kwa sababu mambo mawili anayoyakagua ndiyo hayohayo yaliyomo katika hesabu ya msuguano wa mkanda, ambayo chanzo chake ni kazi ya Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi wa karne ya 18.

Mkanda unaofanya kazi una pande mbili: upande unaovuta, wenye mvutano T1, na upande uliolegea, wenye mvutano T2. Nguvu inayokizungusha kinu ni tofauti ya hizo mbili. Mkanda unapokaribia kuteleza, uwiano wake ni huu:

T1/T2 = e^(μθ)

Hapo e ni takribani 2.718, μ ni namba ya msuguano kati ya mkanda na puli, na θ ni pembe ambayo mkanda umeikumbatia puli, ikipimwa kwa radiani. Ukubwa wa puli haumo. Kila kipande cha pembe hukizidisha kile kilichotangulia, hakijumlishi tu; ndiyo maana nyongeza ndogo ya mkumbatio huleta faida kubwa.

Tuchukue mota ya kilowati 15 inayozunguka mara 1450 kwa dakika, puli yake milimita 300 na ya kinu milimita 150, vituo vyake vikiachana milimita 500. Mkanda unakwenda karibu mita 23 kwa sekunde, kwa hiyo tofauti ya mivutano inayohitajika ni kama nyutoni 660. Kwenye puli ndogo mkanda umeshika nyuzi 163 tu, na huko ndiko unakoanzia kuteleza. Ukiwa ni mkanda bapa kwenye puli safi, tuseme μ ni 0.3, uwiano ni 2.3, na upande uliolegea unahitaji nyutoni 490 hivi. Unga ukiishusha μ hadi 0.2, uwiano unakuwa 1.77, na upande huohuo sasa unadai karibu nyutoni 860. Kukaza kunaweza kuzileta, lakini mzigo wote unabebwa na beringi, na beringi za kinu hazisamehi.

Kwa hiyo fundi anafuta unga, kisha anatafuta pembe. Kwenye mkanda bapa uliolala, anahakikisha upande uliolegea unapita juu, ili unapobonyea uizunguke puli zaidi. Isipotosha, anafunga kipuli kidogo kinachousukuma upande huo kutoka nje kuelekea ndani, karibu na puli ya kinu. Mkumbatio ukifika nyuzi 200, hata kwa μ ileile ya 0.2 uwiano unapanda hadi 2, na mvutano wa upande uliolegea unashuka hadi nyutoni 650 hivi. Kipuli kikifungwa upande unaovuta, kitapokea mvutano mkubwa na kuuchosha mkanda bure.

Siku hizi mashine nyingi zina mikanda ya V, na hapo mfereji wa puli unafanya kazi nzuri mno. Mbavu za mkanda zinajikaza kwenye kuta mbili, na mfereji wa nyuzi 38 unaifanya μ ya 0.3 ifanye kazi kama 0.92. Kwa nyuzi zilezile 163, uwiano unapita 13. Mkanda wa namna hii hauhitaji kukazwa kwa ukali.

Ila uwezo huo una sharti moja: mkanda usiguse sakafu ya mfereji. Kuta zikilika, au mkanda wenyewe ukilika, unazama hadi chini, mbavu zinaacha kubana, na mkanda wa V unakuwa sawa na mkanda bapa. Uwiano wa 13 unarudi kwenye 2 na kitu. Anayekaza hapo anauzamisha zaidi. Fundi mzoefu anavua mkanda na kumulika tochi ndani ya mfereji: sakafu ikiwa na vumbi au kutu, puli ni nzima; ikiwa inang'aa, mkanda umekuwa ukiisugua, na dawa ni kubadilisha puli pamoja na mikanda yake yote. Mkanda mpya mmoja kati ya mikuukuu hubeba mzigo karibu wote peke yake, na ndio utakaokatika mapema.