Jina Alilolivua Tafari

Kila mat ikikwama Barabara ya Haile Selassie, namwaza Tafari Makonnen. Alipotawazwa Mfalme wa Wafalme wa Ethiopia, Novemba 2, 1930, alilivua jina Tafari akaitwa Haile Selassie, yaani Nguvu za Utatu. Nilidhani amejitungia. Kumbe ni jina lake la ubatizo, alilopewa akiwa mtoto! Ujanja uko hapo: jina la enzi halikudai kwamba amezaliwa upya, lilidai kwamba Mungu alishamchagua kitambo. Lakini jina halitii amri. Kule Jamaika, watu waliomwabudu waliliokota lile alilolivua, pamoja na cheo chake cha zamani, Ras, wakajiita Rastafari. Kiti chake kilianguka 1974. Rasta bado yuko, hata kwenye hii mat.