Ritifaa ya Lang'at

Orodha ya majina inayochapwa Longisa haikosi Lang'at, Ng'eno na Ng'etich, na ritifaa iliyo katika majina hayo ni sehemu ya tahajia yake. Kwa hiyo msahihishaji anayeona nafasi mbili, mikato ya mistari na alama zilizopinda kuwa kasoro za sura tu, huacha kosa kubwa lipite. Nafasi mbili, desturi iliyorithiwa kutoka kwenye taipureta, humsumbua msomaji kidogo tu. Ritifaa isiyolingana huweza kumwondoa mtu kwenye hesabu.

Tuseme orodha ya wakulima wa majani chai imechapwa kwenye Excel, na ya malipo imenakiliwa kutoka Word. Excel huacha ritifaa imenyooka, yenye namba 39. Word huipinda yenyewe ikawa ile ya 8217. Machoni jina ni moja, lakini ukilitafuta kwa VLOOKUP unajibiwa kuwa halipo. Kwa kuwa ritifaa ya Lang'at ni herufi ya tano, fomula hii huitaja kwa namba, jina likiwa peke yake katika seli A2:

```
=UNICODE(MID(A2,5,1))
```

Ikijibu 8216, hiyo ni alama ya kufungulia nukuu. Mara nyingi chanzo chake ni nafasi iliyopenyezwa kabla ya ritifaa: Word ikadhani nukuu inaanza, kisha mchapaji akafuta nafasi na kuiacha alama. Kasoro moja isiyoonekana imezaa nyingine, ndiyo maana mpangilio wa kusafisha una uzito. Mkato wa mstari ndani ya seli ubadilishwe kwanza uwe nafasi, kwani ukifutwa tu majina mawili yatagandana. Ndipo nafasi za ziada ziondolewe:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(A2,CHAR(10)," "),UNICHAR(8217),"'"))
```

Alama ya 8216 huhitaji SUBSTITUTE yake, na nafasi isiyokatika, ya namba 160, iliyonakiliwa kutoka ukurasa wa wavuti haiguswi na TRIM.

Wapiga chapa watapinga kwamba ritifaa iliyopinda ndiyo sahihi kitabuni. Ni kweli, ila hiyo ni kazi ya hatua ya mwisho: majina yalinganishwe yakiwa na alama iliyonyooka, kisha yapindwe yote kwa pamoja yanapokwenda kuchapishwa. Wengine watauliza kwa nini ritifaa isifutwe kabisa, kwa kuwa wapo wanaojiandika Langat. Hapo ndipo mamlaka ya msahihishaji yanapokoma. Kati ya 39 na 8217 mwenye jina hakuchagua lolote, programu ilimchagulia. Kati ya Lang'at na Langat kuna tahajia iliyo kwenye kitambulisho chake, na hiyo huulizwa kwake au kwenye hati, haisawazishwi kwa fomula.