Mikunjo ya Suruali Nyuma: Usikimbilie Pembeni

Suruali ya gabadini imeshonwa vizuri. Zipu imenyooka, mkanda wa kiuno umekaa sawa, miguu inaanguka wima. Mteja anageuka na kujitazama nyuma kwenye kioo, na chini ya makalio anaona mikunjo mitatu minne ya mshazari inayoanzia msambani na kupanda kuelekea mshono wa pembeni. Mafundi wengi wakifika hapo hukimbilia pembeni: huyu anabana, yule anaachia. Mikunjo haiondoki, ila sasa suruali imeharibika sehemu mbili.

Chanzo kiko kwenye mviringo wa msamba, ule mstari unaoanzia kiunoni mbele, ukapita chini kati ya miguu na kupanda hadi kiunoni nyuma. Katika ukataji, kanuni moja iliyozoeleka ni kugawa mzunguko wa makalio kwa 16 ili kupata upana wa ncha ya msamba ya mbele, na kwa 8 kupata ya nyuma. Mwenye makalio ya sentimita 104 hupata basi sentimita 6.5 mbele na 13 nyuma. Kanuni hiyo inafaa kuanzia kazi, lakini tepu inayozungushwa makalioni haijui mwili una unene gani kutoka mbele kwenda nyuma. Watu wawili wanaweza kutoa 104 ile ile, mmoja akiwa amepanuka kwa pembeni na mwingine makalio yake yamechomoza nyuma. Wa pili anahitaji kitambaa kipite safari ndefu zaidi chini ya msamba. Asipokipata, mwili unajichukulia wenyewe: unavuta kitambaa cha paja, na ule mvuto ndio unaoonekana kama mikunjo.

Tena urefu si umbo. Tepu ikipitishwa msambani kutoka kiuno cha mbele hadi cha nyuma itatoa, tuseme, sentimita 70, na karatasi ya kukatia nayo ikatoa 70, lakini suruali isikae. Kuna mwili ambao makalio yake yanashuka taratibu, na mstari wake wa nyuma unafanana na herufi J. Kuna mwingine ambao makalio yamejaa chini kabisa kisha yanaingia ndani ghafla. Huo unakaribia L. Fundi makini hukata kipande cha waya wa umeme wa shaba, ule mgumu wenye ganda, akampa mteja aupitishe mwenyewe juu ya taiti na kuukandamiza ufuate mwili. Waya ukitolewa taratibu na kulazwa kwenye karatasi, unaonyesha kile ambacho namba haikusema.

Kabla ya mkasi kuguswa, yule mteja wa kwenye kioo, tuseme ndiye wa 104 mwenye makalio yaliyochomoza, anafanyiwa majaribio mawili. La kwanza, fundi anashika kiuno cha nyuma katikati na kukivuta juu kidogo. Mikunjo ikilainika na makalio yakabaki huru, basi kitambaa cha nyuma ni kirefu kuliko mwili, jambo la kawaida kwa wenye makalio bapa, na dawa yake ni kupunguza pale juu kiunoni. Kwa mteja huyu haikuwa hivyo. Kiuno kilipovutwa, mshono wa katikati ulizidi kuzama kati ya makalio. Jaribio la pili ni kufumua mshono wa ndani wa miguu yote miwili kuanzia msambani kushuka kama sentimita 12, mteja akiwa amevaa taiti ndani. Kitambaa kilichokuwa kimenyimwa nafasi kinaachana chenyewe. Hapa kiliachana sentimita 1.5, na mikunjo ikatulia papo hapo. Hicho ndicho kipimo cha upungufu.

Kama suruali ingekuwa bado karatasi, kazi ingekuwa ndogo: ncha ya nyuma inaongezwa sentimita 1.5, kisha mstari unaunganishwa taratibu na ule wa zamani kiasi cha sentimita 20 chini, ili paja lisipanuke ovyo. Lakini suruali imeshashonwa, na ndani ya mshono wa mguu imeachwa sentimita 1 tu. Hapo fundi anaweza kupata nusu sentimita kwa kushona karibu na ukingo. Kiasi kinachobaki lazima kitafutwe kwa kuchimba mviringo.

Kuchimba maana yake ni kushona mstari mpya chini ya ule wa zamani. Mguu mmoja unageuzwa na kuingizwa ndani ya mwingine, nyuso za nje zikitazamana, ili mviringo wote ulale kwenye meza kama mstari mmoja. Kwa chaki, fundi anaanza kuuacha mshono wa zamani karibu na katikati ya makalio, anashuka hadi nusu sentimita ndani zaidi pale mviringo unapopinda sana, kisha anarudi kukutana na mshono wa zamani kwenye ncha. Ile ncha haishushwi. Ikishushwa, msamba unaning'inia, na kila mteja anapopanda ngazi suruali nzima inapanda naye.

Sasa kuna hatua ambayo ikirukwa inamfanya fundi aamini kwamba njia yote ni uongo. Baada ya kushona, kitambaa kilichobaki nje ya mshono kwenye ule mpindo lazima kikatwe kibaki kama milimita 7. Kisipokatwa, kinasimama kama ukuta na kuushikilia mwili palepale ulipokuwa. Mteja anavaa, anaona hakuna kilichobadilika, na fundi anachimba tena bila sababu. Kwa mteja wa 104, nusu sentimita ya kwanza iliondoa mikunjo miwili, na nusu ya pili ikaacha mkunjo mmoja laini chini ya kila kalio. Huo uliachwa kwa makusudi. Suruali isiyo na mkunjo hata mmoja nyuma mtu akiwa amesimama humkaba akikaa.

Kuchimba kuna gharama yake. Kila milimita inayochimbwa imetolewa kwenye upana wa makalio, kwa hiyo suruali inayobana tayari itazidi kubana, na pembeni paachiwe kwanza. Wala hakuna kurudi nyuma, kwa sababu kitambaa kimeshakatwa. Ndiyo maana ni nusu sentimita kwa nusu sentimita, na ikikaribia 1.5 bila nafuu, tatizo liko kwingine.

Mbele habari ni fupi zaidi, na mkono uwe mwepesi zaidi. Mikunjo inayotawanyika kutoka msambani kwenda mapajani kama masharubu ya paka huashiria ncha ya mbele fupi, au mapaja yaliyojaa. Nusu sentimita hadi sentimita 1 kwenye ncha kwa kawaida hutosha. Kitambaa kinachofura chini ya zipu ni kinyume chake: mviringo wa mbele ni mrefu mno. Kuuchimba kunauongeza urefu, kwa hiyo uvimbe unakua. Unapunguzwa kwa kukunja kipande chembamba cha karatasi ya mbele, sentimita 1 kwenye mstari wa zipu, kikiisha kabisa pembeni.

Suruali za mtumba zina bahati yao. Suruali ya kiume ya suti mara nyingi huachiwa kitambaa kingi kwenye mshono wa nyuma upande wa kiunoni, lakini kinapungua kadiri mshono unavyokaribia msamba, penye shida yenyewe. Anayeshonesha mpya yuko huru zaidi. Kabla kitambaa hakijakatwa, mwambie fundi aache sentimita 3 kwenye sehemu ya juu ya mshono wa ndani wa mguu, upande wa nyuma, na akuite kujaribu suruali kabla ya kuweka mkanda wa kiuno.